Kuacha komprime za usingizi pamoja na dokta: namna ya kupunguza, na usiku mbaya wa kutarajia

Mwongozo huu ni wa mtu anayemeza diazepamu kila usiku kwa miezi mingi au miaka, na sasa anataka kuiacha. Nimechagua diazepamu, ambayo wengi huku Bukavu wanaiita Valiumu, kwa sababu ndiyo ninayoikuta mara nyingi zaidi mikononi mwa wagonjwa. Inauzwa Nyawera, inauzwa Kadutu, na mara nyingi muuzaji haulizi ordonansi. Mimi ni muuguzi, nawafuata wagonjwa wa namna hii, na nitaeleza kwa kutumia mfano wa mama mmoja wa Kadutu aliyefikia kuacha kabisa. Alikuwa na miaka 58 na alikuwa akimeza miligramu 10 kila usiku tangu mume wake alipofariki, miaka sita kabla. Mpango wake ulikuwa wake. Wa kwako utaandikwa na dokta wako, lakini ukiuelewa huu utajua cha kumuuliza.

Kwanza: usikate ghafla, hata siku moja

Ubongo una breki yake ya asili, kemikali inayoitwa GABA. Diazepamu huikanyaga breki hiyo kwa nguvu zaidi, ndiyo maana unatulia na kulala. Lakini ikikanyagwa kila usiku, ubongo hujirekebisha na breki yake yenyewe inalegea. Ndiyo sababu baada ya wiki chache dozi ileile haileti tena usingizi wa mwanzo, na ndiyo sababu madokta hushauri dawa hizi zisizidi wiki nne. Mtu aliyezimeza kwa miaka akiziondoa kwa siku moja anabaki kwenye mteremko bila breki. Atatetemeka, atatoka jasho, moyo utaenda mbio, hatalala. Wengine wanapatwa na degedege, au wanachanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Degedege hiyo inaweza kuua.

Kwa hiyo kama unasoma haya ukiwa na hamu ya kutupa kopo lote chooni leo usiku, tafadhali usilitupe. Endelea na dozi yako ya kila siku mpaka umwone dokta.

Nenda kwa dokta na mfuko wako wote

Si lazima awe dokta wa magonjwa ya akili. Dokta wa kawaida wa senta ya afya au wa hospitali kuu anaweza kuongoza upunguzaji wa dozi kama hii. Wenye hali ngumu zaidi huku Bukavu tunawapeleka SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili. Goma kuna Tulizo Letu, na Lubumbashi kuna senta ya Dokta Joseph Guislain. Najua watu wanaogopa kuonekana mlangoni pa SOSAME, eti majirani watasema ni wazimu. Wanaokwenda pale kwa ajili ya usingizi ni wengi kuliko majirani wanavyofikiri.

Beba kila komprime unayomeza, pamoja na za presha, za maumivu, na dawa za miti shamba. Mwambie dokta ukweli wote kuhusu kiasi: kama ordonansi inasema moja nawe unameza tatu, mpango utakaoanzia moja utakuangusha siku ya kwanza. Mwambie pia kuhusu pombe. Bia, kasiksi na lotoko zinakanyaga breki ileile, kwa hiyo anayepunguza komprime huku akiongeza glasi hajapunguza kitu, na siku atakapokosa vyote viwili hatari yake ni mara mbili.

Kuna dawa mbili ambazo nimezoea kuziuliza kwa jina, kwa sababu huku kwetu ni za kila siku. Ya kwanza ni rifampisini, inayotumika kutibu kifua kikuu. Inalifanya ini lichome diazepamu haraka sana, hata mtu anayemeza dozi yake kamili anaweza kujisikia kama ameikata. Ya pili ni siprofloksasini, ambayo watu hununua wenyewe wakisikia tu neno tifoidi. Hiyo inaipinga breki ya GABA, na kwa mtu anayepunguza diazepamu inaweza kuzidisha mitetemo na hata kuleta degedege. Kama unahitaji mojawapo, unaihitaji. Kifua kikuu hakingoji. Ila dokta lazima ajue, ili upunguzaji usimame mpaka matibabu hayo yaishe au upangwe upya.

Wapo watu ambao hawapaswi kabisa kupunguza wakiwa nyumbani bila kufuatwa kwa karibu: aliyewahi kupata kifafa au degedege, mjamzito, anayekunywa pombe nyingi kila siku, anayemeza dozi kubwa kuliko hii ninayoieleza, na anayefikiria kujiua. Na anayepewa diazepamu au fenobarbitali kwa ajili ya kifafa asiguse dozi yake kwa sababu ya maneno yangu. Hiyo ni safari nyingine kabisa.

Kama dawa yako ni lorazepamu, bromazepamu au zolpidemu, dokta anaweza kupunguza hiyohiyo au kukuhamishia kwenye diazepamu kwanza. Usifanye uhamisho huo kwa hesabu yako, maana miligramu za dawa hizi hazilingani. Miligramu 1 ya lorazepamu, kwa mfano, ina nguvu ya karibu miligramu 10 za diazepamu.

Komprime zitoke sehemu moja

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu watu hulipita jambo hili haraka. Upunguzaji ni hesabu ya vipande vidogo, na hesabu haina maana kama hujui kilichomo ndani ya komprime.

Kati ya mwisho wa 2014 na katikati ya 2015, huko Ituri, mamia ya watu walifika hospitalini shingo zimepinda, macho yamegeukia juu, ulimi umetoka nje, uso umekazana. Mwanzo ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ukaonyesha kwamba walimeza komprime za manjano zilizouzwa kama diazepamu, kumbe ndani mlikuwa na haloperidoli, dawa tofauti kabisa. Watu walikufa, wakiwemo watoto. Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kwa eneo letu lote. Kwa hiyo ukimeza diazepamu mpya kisha shingo au taya vikajikaza na kuvutwa upande mmoja, usiseme ni dalili ya kupunguza. Acha komprime hizo, zibebe, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kuna sindano inayofungua misuli hiyo.

Mama wa Kadutu alikuwa akinunua kumikumi katika kifuko cha plastiki, leo famasi hii, kesho ile. Dokta alimwomba anunue za mwezi mzima mahali pamoja, kwenye famasi ya hospitali, zikiwa kwenye pakiti yake yenye jina na tarehe. Na tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, hakuna mtu wa Bukavu asiyejua siku ambazo haiwezekani kutoka nyumbani. Kwa hiyo walikubaliana abaki daima na akiba ya wiki mbili. Akiba hiyo ilikaa kwa binti yake, si chini ya mto wa kitanda. Kukosa dawa kwa sababu barabara imefungwa ni kukata ghafla, hata kama hukukusudia.

Wiki mbili za kuandika bila kupunguza chochote

Chukua kaye ya shule. Kila asubuhi andika mambo manne tu: saa uliyoingia kitandani, saa unazodhani ulilala, saa uliyotoka, na dozi uliyomeza. Usitazame saa usiku kucha ili upate jibu sahihi, kadirio linatosha.

Kaye ya mama yule ilituonyesha kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwa amekiona. Umeme ukikatika, na kwa hofu ya usiku, alikuwa akiingia kitandani saa moja na nusu jioni na kutoka saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni saa tisa na nusu kitandani, wakati alikuwa analala kama sita. Saa tatu na nusu zilizobaki alizitumia kugeukageuka gizani na kuhesabu shida, kisha alisema hana usingizi. Hata kwa komprime mbili za miligramu 5 mwili wake haukuweza kujaza saa zote hizo.

Tulifanya hesabu rahisi: wastani wa saa alizolala, ongeza nusu saa. Ikawa sita na nusu. Saa ya kuamka ilibaki ileile, kumi na moja alfajiri, kila siku, hata Jumapili. Saa ya kuingia kitandani ikawa nne na nusu usiku. Kabla ya hapo alikaa sebuleni na wajukuu, akichambua maharage kwa mwanga wa taa ya sola. Kama hajalala baada ya kama dakika 20, anatoka kitandani, anakaa kwenye kiti, anarudi usingizi ukimjia. Usingizi wa mchana ukakatazwa. Saa zake za kitandani hazikushuka chini ya hapo, na mtu mwenye kifafa au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka asizibane saa zake bila dokta, maana kukosa usingizi kunaweza kuamsha ugonjwa huo.

Je, kazi hii inafaa kweli? Mwaka 2004 watafiti wa Kanada waliwafuata wazee waliokuwa wakipunguza komprime za usingizi. Waliopunguza tu, chini kidogo ya nusu yao waliacha. Waliopunguza na kurekebisha mazoea ya kulala kwa pamoja, walioacha walikuwa 85 kwa 100. Ndiyo sababu siku hizi simkubalii mgonjwa kuanza kupunguza kabla kaye haijaandikwa.

Nusu ya juu: kutoka 10 hadi 5

Miongozo mingi husema kila hatua ipunguze karibu sehemu moja ya kumi ya dozi uliyonayo, kila wiki mbili hadi nne, na kwa kawaida isizidi robo yake. Kwa komprime za miligramu 5, kipande kidogo unachoweza kukata ni robo, yaani miligramu 1.25. Dokta alimpangia mama yule hivi, kila hatua ikikaa wiki tatu: kutoka komprime mbili akashuka hadi moja na robo tatu, halafu moja na nusu, halafu moja na robo, halafu moja.

Kukata robo kunahitaji uangalifu. Gawanya nusu kwa kufuata mstari uliochorwa, kisha weka nusu hiyo juu ya kibao kikavu na ikate kwa wembe mpya. Robo hazitalingana kabisa, moja itakuwa nono na nyingine nyembamba. Hilo lisikuhangaishe: tumia robo zote za komprime moja kwa usiku unaofuatana kabla ya kukata nyingine. Diazepamu hukaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo tofauti ndogo ya leo na kesho inasawazishika yenyewe. Usikate za mwezi mzima siku moja, maana vipande hupukutika na kushika unyevu.

Dozi yote ibaki usiku. Na usiruke siku ili "kupunguza", yaani kumeza leo na kuacha kesho. Mpango wa kuruka unaufundisha ubongo kungoja komprime, na usiku wa kuruka unageuka usiku wa hofu.

Usiku mbaya unakuja siku gani

Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo wengi wanarudia dozi ya zamani na kukata tamaa.

Zolpidemu hutoka mwilini kwa saa chache, hivyo anayeipunguza huona usiku mbaya mara moja, usiku wa kwanza au wa pili. Diazepamu si hivyo. Yenyewe, na kile ini linachoigeuza kuwa, vinakaa mwilini siku nyingi. Ukipunguza Jumatatu, Jumanne na Jumatano utalala vizuri na kusema kumbe ni rahisi. Shida hujitokeza baadaye, mara nyingi mwisho wa wiki ya kwanza au ndani ya ya pili. Wakati huo umeshasahau kuwa ulipunguza, basi unatafuta sababu nyingine: chakula, jirani, ugonjwa, mkono wa mtu.

Mama yule aliposhuka hadi komprime moja na nusu, usiku wa tano alilala saa mbili tu. Wa sita, karibu tatu. Mlango wa jirani ukifungwa anashtuka, ngozi ya mikono inamwasha kama wadudu wanatembea, mabega yanauma. Alimpigia binti yake simu akisema ugonjwa wa zamani umerudi, na mbaya zaidi. Tulifungua kaye, tukahesabu siku tangu kupunguza. Dokta hakurudisha dozi, wala hakuishusha. Alimwambia abaki palepale mpaka usiku utulie. Usiku wa kumi na moja alilala saa tano. Wiki ya tatu alikuwa amerudia sita.

Huo ndio usingizi unaokimbia kwa sababu dawa imepungua. Una alama zake. Unakuja baada ya hatua ya kupunguza, unapanda hadi kilele, kisha unashuka wenyewe kwa siku kadhaa hadi wiki mbili hivi. Mara nyingi unafuatana na mambo ya mwili ambayo hukuwa nayo kabla ya kuanza dawa: sauti kuumiza masikio, mwanga kuchoma macho, ganzi na mwasho, mikono kutetemeka kidogo.

Ugonjwa wa asili ukirudi hautembei namna hiyo. Unakuja polepole, haufuati tarehe za kupunguza, haushuki wiki zikipita, na una sura uliyoijua zamani. Kama kila siku unaamka saa tisa usiku na huna hamu ya chakula wala ya watu, pengine ni huzuni ya ugonjwa, na ina matibabu yake. Kama unaziona tena risasi na moto wa siku zile ulipokimbia, hiyo ni alama ya jeraha la vita ambalo komprime ilikuwa inalifunika. Nayo inatibiwa, kwa mazungumzo na mtu aliyefunzwa, na upunguzaji unaweza kusubiri.

Katika usiku mbaya, kosa kubwa ni komprime ya ziada, "hii moja tu". Inakupa usiku mmoja, halafu inakurudishia hatua nzima, maana ubongo uliokuwa unaanza kuamsha breki yake unalazwa tena. Jirani akikuletea kipande cha tramadoli ili "ulale maumivu", kikatae kabisa: kikichanganywa na diazepamu kinaweza kuzimisha pumzi usingizini, na chenyewe kinaweza kuleta degedege. Kaa kwenye kiti, funika miguu, ngoja, amka saa ileile. Kama usiku kama huo unazidi wiki mbili bila kupungua, rudi kwa dokta kabla ya tarehe. Yeye anaweza kurudisha hatua moja nyuma, na hatua zinazofuata zikawa ndogo zaidi. Hilo ni jambo la kawaida katika matibabu haya.

Lakini usingoje tarehe yoyote, nenda hospitali usiku huohuo, ukipata degedege, ukichanganyikiwa usijue uko wapi, ukiona au kusikia vitu ambavyo wengine hawavioni, ukitetemeka huku una homa na jasho jingi, au ukipata wazo la kujiua. Wafundishe watu wa nyumbani alama hizo kabla, maana wewe mwenyewe huenda usizitambue.

Ndoto, na chumba cha maombi

Diazepamu hupunguza usingizi mzito na ule wa ndoto. Dozi ikishuka, ndoto hurudi kwa wingi, zenye rangi na sauti, nyingine za kutisha. Ni dalili kwamba usingizi wa asili unarudi, na kwa wengi hutulia wiki zikipita.

Mama yule, alipofika komprime moja, alianza kumwota marehemu mume wake karibu kila usiku, amesimama mlangoni, hasemi. Wenzake wa kikundi cha maombi walimwambia ni shambulio, afunge siku tatu kavu na kuacha "dawa za watu". Binti yake alitupigia mapema, namshukuru mpaka leo. Siku tatu bila maji, bila chakula na bila diazepamu, kwa mwili uliozoea dawa miaka sita, zinaweza kufungua mlango wa degedege.

Tulikaa na mchungaji na mama, pamoja na kaye. Mchungaji alionyeshwa tarehe ya kupunguza na tarehe ndoto zilipoanza, akaelewa. Maombi yaliendelea, kufunga kukaahirishwa, komprime ikaendelea kumezwa kila usiku. Ukiwa na imani yako, mwambie kiongozi wako mpango huu siku unapoanza, kabla ndoto hazijaja.

Dokta aliongeza wiki tatu kwenye hatua ile. Hakuna aliyepoteza kitu kwa kusubiri.

Nusu ya chini ni ndefu kuliko ya juu

Watu wakifika komprime moja husema nimebakiza kidogo. Tazama hesabu. Robo ya komprime ikitoka kwenye miligramu 10, umepunguza sehemu moja ya nane. Robo hiyohiyo ikitoka kwenye 5, umepunguza robo nzima ya dozi. Ikitoka kwenye 2.5, umepunguza nusu. Kipande hakikubadilika, ila kwa ubongo kimekuwa kikubwa mara nne. Ndiyo sababu wengi wanaanguka karibu na mwisho.

Hapa dokta alihitaji komprime za miligramu 2. Si kila famasi huwa nazo. Uliza mapema, ukiwa bado kwenye nusu ya juu. Zikikosekana kabisa, dokta anaweza kutafuta diazepamu ya maji inayopimwa kwa sirinji. Usiyeyushe komprime mwenyewe kwenye kikombe, kwa sababu diazepamu haiyeyuki vizuri kwenye maji, inatua chini, na hujui umekunywa kiasi gani.

Alishuka nusu miligramu kila wiki mbili. Dozi ya 4.5 ilikuwa nusu ya komprime ya 5 pamoja na moja ya 2. Dozi ya 4, mbili za 2. Kwa 3.5, nusu ya 5 na nusu ya 2. Kwa 3, moja na nusu za 2. Kwa 2.5, nusu ya 5 peke yake. Kisha moja ya 2, robo tatu yake, nusu yake, robo yake, na mwisho hakuna. Tulimwandikia kila usiku kwenye kalenda ya ukutani, naye alikuwa anapiga alama akishameza. Pamoja na wiki zile za kusubiri, safari nzima ilikuwa karibu miezi minane.

Katikati ya nusu hii alianza kusema mambo ambayo hakuyatarajia. Ngazi za udongo kutoka nyumbani kwake hadi barabarani, ambazo wakati wa mvua alikuwa akizishuka ameshikwa mkono, sasa anazishuka mwenyewe. Alikuwa akidhani ni uzee. Kwa watu wa umri wake, dawa hizi huyumbisha miguu na kuvunja nyonga, na hufifisha kumbukumbu, na sehemu ya hayo hurudi dozi ikishuka. Anayeendesha moto aongeze uangalifu katika wiki za usiku mbaya, maana kusinzia kwa kukosa usingizi nako kunaua.

Komprime ya mwisho na wiki zinazofuata

Tarajia usiku mbaya baada ya robo ya mwisho pia, tena umechelewa kama wenzake. Wengine wanapata kidogo tu. Usianze wiki hiyo ukiwa na msiba, safari au mtoto mgonjwa. Miligramu nusu kwa wiki mbili zaidi haina madhara makubwa. Saa ya kuamka ibaki ileile. Mtu akishalala sehemu kubwa ya muda wake wa kitandani kwa wiki nzima, anaingia kitandani dakika 15 mapema, na wiki inayofuata vivyo hivyo kama bado analala vizuri. Mama yule alifikia saa saba na hakutaka zaidi.

Kwa miezi kadhaa baada ya kuacha, usiku mmoja mmoja mbaya utatokea, hasa siku za mshtuko. Ukija mmoja, hesabu siku: kama hakuna komprime iliyopungua wiki hizo, basi ni usiku mbaya kama wa mtu mwingine yeyote. Kwa wachache, mlio masikioni, misuli kukazana au wasiwasi huja na kwenda kwa muda mrefu zaidi. Hao waendelee kuonana na dokta, wala wasianzishiwe komprime nyingine ya usingizi kimyakimya.

Akiba iliyobaki isikae ndani ya nyumba. Binti yake aliirudisha famasi ya hospitali ikiwa kwenye pakiti yake, na kwenye fishi ya mama dokta akaandika kwamba aliwahi kutegemea diazepamu, ili siku akilazwa kwa jambo jingine asipewe tena kila usiku bila mtu kujua.